Maziwa Yaliyotiwa Matone

Siku ya tatu ya mafuriko tulimwaga maziwa tena. Mume wangu Clarrie alifungua koki ya tangi, nami nikasimama mlangoni na mabuti yangu ya mpira nikiyaangalia yanavyokwenda, lita elfu nne na ushee, yanateremka kwenye mfereji wa zege mpaka yanakutana na maji ya matope yaliyofika chini ya banda. Lori la kiwanda halikuwa limekuja tangu Alhamisi asubuhi, na leo ilikuwa Jumapili. Daraja la kijito cha Kerrin lilikuwa limezama kabisa. Ng'ombe hawana habari na daraja. Usipowakamua wanavimba viwele na kuugua, kwa hiyo unawasha jenereta, unakamua, halafu unamwaga. Nimeifanya kazi hii tangu nina miaka kumi na tisa, na bado siwezi kuona maziwa yakimwagwa bila kukasirika.

Na ndani ya nyumba kulikuwa na mtoto ambaye kopo lake limebakiza kijiko kimoja.

Mtoto ni Hattie, mjukuu wangu, wakati huo ana miezi kumi na moja. Baba yake, mwanangu Brodie, yuko migodini kaskazini, wiki mbili kazini na moja nyumbani. Mama yake, Anthea, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee mjini. Alimwacha kwangu Alhamisi mchana aende zamu ya usiku, arudi Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Aliacha nusu kopo la maziwa ya soya ya watoto, nguo, na mfuko mwekundu ulioning'inizwa nyuma ya mlango wa jikoni. Usiku ule mvua ikanyesha kama imekasirishwa na mtu. Asubuhi nyumba yetu ilikuwa kisiwa, simu ya waya imekufa, umeme umekatika, na simu za mkononi zinashika mtandao mahali pamoja tu: juu ya ngazi ya pipa kubwa la chakula cha ng'ombe.

Clarrie alikuwa akipanda pale mara mbili kwa siku kumpigia Anthea, halafu anarudi na salamu.

"Anasema mtoto ale malenge, viazi, ndizi, anywe maji," aliniambia Jumamosi. "Kopo likiisha lisikutie wasiwasi, kwa siku mbili tatu hatadhurika. Ila maziwa asiguse. Kasema mara mbili."

"Nimesikia."

"Nakuambia tu alivyosema. Usinitolee macho."

Nilisikia, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu, na mpango huo haukuanza na mafuriko. Hapo ndipo ninapopaona pabaya mpaka leo.

Lazima niseme habari ya neno moja. Pasaka iliyopita tulikuwa na chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa bonde, na kwetu kila mtu ni mfugaji, kila meza ina krimu na jibini. Mwanamke mmoja, Dot, akaja na bakuli la kastadi kumlisha Hattie. Anthea akamzuia, akaeleza kwamba mtoto ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Dot akaita wenzake. Anthea akaeleza tena. Akaja mwingine akauliza kama siagi inaruhusiwa. Mara ya nne nilimwona mkwe wangu amechoka mpaka midomo imemkauka.

"Ni laktosi, Dot," akasema. "Laktosi tu, basi. Naomba chai."

Tangu siku ile, bonde zima lilimwita Hattie yule mtoto mwenye laktosi. Nami nililipenda neno hilo kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nalijua. Brodie alipokuwa na mwaka mmoja aliugua tumbo baya, kuhara na kutapika wiki nzima. Alipopona, kila akinywa maziwa tumbo linajaa kama ngoma, anahara maji yenye povu, makalio mekundu, analia. Daktari wa zamani akaniambia ugonjwa umekwangua utumbo, kwa muda hauwezi kuivunja ile sukari ya maziwa inayoitwa laktosi. Akaniandikia matone. Unayatia kwenye jagi la maziwa, unayaweka kwenye friji siku nzima, nayo yanaivunja sukari badala ya utumbo. Wiki sita baadaye Brodie alikuwa anakunywa kama ndama na matone nikayatupa.

Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa mepesi. Vijana wa siku hizi wanafanya kila kitu kuwa msiba. Wiki moja baada ya Pasaka nilinunua kichupa cha matone dukani kwa mfamasia, nikakificha nyuma ya mitungi ya jemu. Nilitaka siku moja Anthea aje akute binti yake ananyonya chupa ya maziwa ya shamba letu, mzima, anacheka, na mimi nisiseme neno. Ningekaa tu nikamwangalia.

Jumamosi baada ya kumjibu Clarrie kwamba nimesikia, nilichota lita moja kutoka tangini, nikaichemsha vizuri, nikaipoza, nikatia matone, nikaiweka kwenye friji inayoendeshwa na jenereta. Jumapili saa nne asubuhi, tulipotoka kumwaga, nikayaonja. Yalikuwa matamu kuliko kawaida. Hiyo ndiyo dalili kwamba matone yamefanya kazi, sukari imevunjika. Niliridhika. Hattie alikuwa kwenye kiti chake analilia chupa na kuutupa mkate wa malenge niliompa.

Nikampa. Akanywa kwa pupa, macho yamenikazia, kama robo ya chupa hivi, kisha akaisukuma kwa mkono. Hilo nalo lilinishangaza, kwa sababu huwa haachi kitu. Nikafikiri ni utamu.

Kabla sijaisuuza ile chupa akaanza kujikuna mdomo. Pembeni ya midomo palikuwa pekundu. Nikampangusa kwa kitambaa chenye maji, wekundu ukazidi kupanda shavuni, ukatoka mabaka yaliyoinuka, kama ameangukia upupu. Akakohoa. Akatapika yote mapajani mwangu. Nikasema mwenyewe, kwa sauti, "Tumbo hilo, mama, litatulia," na nikaanza kumsugua tumbo. Nilikuwa nasubiri kuhara. Nakuapia nilikuwa nasubiri kuhara, maana ndicho nilichokijua.

Kope za jicho la kushoto zikavimba zikafunga jicho. Alipolia sauti ikatoka kavu, ya mzee.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Brodie sawasawa. Wiki zote zile za mateso yake, tumbo, povu, makalio, hakuwahi kutoa kipele hata kimoja. Hakuwahi kuvimba. Hakuwahi kukohoa.

"Clarrie!" Sijui nilipiga kelele namna gani, lakini alitoka bandani anakimbia, na goti lake lile bovu.

"Nini? Kapaliwa?"

"Nimempa maziwa."

Aliangalia chupa, akaniangalia mimi. Akamnyakua mtoto, akambeba wima begani anampigapiga mgongo, anakwenda naye dirishani apate hewa. Mimi nikakimbilia friji. Anthea alikuwa amebandika pale karatasi ya maelekezo, miezi mitano iliyopita, siku aliyonifundisha kutumia sindano. Juu yake mimi nilikuwa nimebandika ratiba ya lori la maziwa. Niliichana ratiba.

"Usimsimamishe!" nikasoma. "Mlaze! Clarrie, mlaze, asibebwe wima!"

"Hapumui vizuri, wee mwanamke!"

"Imeandikwa mlaze! Mlaze mikononi mwako, kichwa kisiinuke!"

Akapiga magoti, akamlaza mapajani pake. Hattie alikuwa amelegea. Alikuwa mweupe kwenye paji la uso na mwekundu kila mahali pengine, na kila akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi. Nikaufungua mfuko mwekundu. Ndani mna sindano mbili za adrenalini, zile zinazojichoma zenyewe ukizibonyeza, kila moja kwenye mrija wake. Nimewachoma sindano ndama na ng'ombe maelfu, lakini paja lile lilikuwa dogo kama mkate wa kifungua kinywa. Anthea alipokuwa ananifundisha alisema, "Noelene, hii siyo habari ya tumbo kuuma. Hii inaweza kumwua." Nikamjibu ndiyo mama, nimeelewa, huku akili yangu iko kwa ng'ombe aliyekuwa anazaa.

Nikatoa kifuniko. Nikamshika mguu kwa nguvu. Nikabonyeza upande wa nje wa paja, katikati, juu ya suruali yake, mpaka sindano ikalia tak. Nikahesabu tatu. Akalia, na kile kilio chake kibovu kilinifurahisha.

"Nenda kwenye pipa," nikamwambia Clarrie. "Piga simu. Sema mzio. Usiseme tumbo, usiseme laktosi. Sema mzio, hapumui, ana miezi kumi na moja, tumezungukwa na maji."

Akanipa mtoto nikamlaza, akaenda. Nikamsikia anapanda ngazi, kila hatua chuma kinalia. Nikaangalia saa ya ukutani. Mvua ilikuwa inanyesha ileile. Dirishani palikuwa na maji tu, nguzo za ua zimechomoza vichwa, na upande wa pili wa maji, kilomita nne, kulikuwa na hospitali, mama yake, na kila kitu nilichokihitaji. Ningeweza kuziona taa za mji siku nyingine. Sikuwahi kuiona nyumba yangu mwenyewe ikiwa ndogo vile.

Dakika tatu, nne, filimbi ikapungua. Rangi ikarudi midomoni. Akafungua jicho moja akanitafuta. Nikalia kidogo, nikajipangusa na kola; mikono yangu ilikuwa imeshika maziwa, sikuiamini tena kumgusa usoni.

Clarrie alirudi ameloa. "Helikopta haiwezi kuruka, wingu liko chini mno. Wanaleta boti. Dakika hamsini, labda saa nzima."

"Umewaambia tumebakiza sindano moja?"

"Nimewaambia."

Tukakaa sakafuni. Hakuna cha kufanya zaidi, na hilo ndilo lililonitesa. Shamba ni kazi, jambo likiharibika unachukua spana, unachukua kamba. Pale ilikuwa kukaa na kumsikiliza mtoto akipumua. Jenereta ilikuwa inanguruma bandani. Ng'ombe walikuwa wanalia nje, na kila mlio ulinikumbusha kilicho ndani ya viwele vyao.

"Waambie aliokota kipande cha jibini sakafuni," Clarrie akasema ghafla, bila kuniangalia. "Inatokea. Mtoto anatambaa."

"Nyamaza."

"Hatakuachia tena mtoto huyu, Noelene. Unamjua Anthea."

Namjua. Nakiri kwamba nililifikiria lile jibini. Nililigeuza kichwani, nikaliona linavyofaa.

Kwenye dakika ya ishirini filimbi ikarudi. Ilianza chini kabisa, nikadhani ni jenereta. Halafu kikohozi, halafu akatapika tena, na kichwa kikalegea kando kama cha mwanasesere wa nguo. Karatasi inasema kama hali haibadiliki au inarudi, choma ya pili. Ya pili ndiyo ya mwisho. Boti bado.

"Ukiitumia sasa," Clarrie akasema, "halafu ikirudi tena?"

"Nisipoitumia hakuna tena."

Nikachoma paja la pili. Nikahesabu. Baada ya hapo tulikuwa na mfuko mwekundu mtupu na saa ya ukutani. Nilimwinamia nikahesabu pumzi zake, nikifika ishirini naanza upya, kwa sababu niliogopa hesabu kubwa. Sijawahi kuwa mtu wa kusali na sikusali. Nilihesabu.

Boti la uokoaji lilifika mpaka kwenye kizuizi cha ng'ombe cha langoni kwetu, nusu saa na zaidi baada ya sindano ya pili. Msichana wa huduma ya kwanza akaruka na oksijeni yake, akamsikiliza kifua, akamwekea barakoa ndogo. Aliomba mtu mmoja tu wa familia. Clarrie akanisukuma kwa bega. Tukavuka juu ya mashamba yetu wenyewe, juu ya ua niliouzungushia mimi, na Hattie amelazwa kwenye machela anapumua.

Upande wa pili gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, na Anthea alikuwa amesimama majini mpaka magotini, na sare ya kazini. Alipanda garini na mtoto, nami nikapanda nyuma yake, mlango ukafungwa, tukawa watu wanne ndani ya kisanduku kile.

"Amekula nini?" mhudumu akauliza, kalamu mkononi.

Wote wakanigeukia. Nililiona jibini la Clarrie, dogo, la manjano, limenikalia kwenye ulimi.

"Maziwa ya ng'ombe," nikasema. "Ya tangini kwetu. Robo ya chupa. Nimempa mimi kwa makusudi. Niliyatoa laktosi kwanza."

Mhudumu akaandika. Anthea akageuka akamwinamia mtoto wake, na sikuona tena uso wake safari nzima.

Walimlaza Hattie mpaka kesho yake wakimwangalia, kwa kuwa alihitaji dozi mbili. Daktari wa watoto, mwanamama mmoja mwenye asili ya Samoa anayeitwa Leilua, alinikuta kwenye benchi la nje, bado na nguo zilizotapikiwa. Nilimweleza habari ya matone. Hakunicheka.

"Matone yako yalifanya kazi," akasema. "Yaliivunja sukari. Lakini Hattie hagombani na sukari. Mwili wake unagombana na protini ya maziwa. Kinga yake inaiona protini ile kama adui, inapigana, ndiyo mabaka, uvimbe, pumzi. Matone hayaigusi protini. Kuchemsha kule hakukusaidia."

"Na mwanangu?"

"Mwanao hakuwa na mzio. Utumbo wake ulikuwa umeumia, haukuweza kumeng'enya sukari, ikabaki tumboni ikamletea gesi na kuhara. Mtoto kama huyo anateseka, lakini hafi, na akinywa kidogo huenda asione kitu. Utumbo ukipona, basi. Wapo wanaoniletea mtoto wa namna hiyo wamemnyima maziwa na jibini mwaka mzima wakidhani ni mzio, kakonda bure. Na wapo wanaofanya ulichofanya wewe. Maziwa ni hayohayo, lakini magonjwa ni mawili."

Protini. Kila lori likija linaacha karatasi, na kwenye karatasi kiwanda kinaandika mafuta kiasi gani, protini kiasi gani. Ya kwetu ni ya juu kuliko bonde zima. Kuna cheti ukutani jikoni kwangu, juu ya ile friji. Miaka arobaini nimejisifia protini, na ilipofika kwa mjukuu wangu nikaitafuta sukari.

Anthea hakusema na mimi kwa wiki tano. Brodie alipiga simu, akazungumza na baba yake. Sikumlaumu yeyote. Maji yalishuka, daraja likasafishwa, na lori likaja.

Wiki ya sita, Jumamosi, nilikuwa naosha mashine za kukamulia nikasikia gari. Anthea akashuka. Hattie alikuwa amesimama ameshika mlango wa gari, ameanza kusimama bila mimi kujua.

"Mimi ndiye niliyesema laktosi," Anthea akasema, kabla ya salamu. "Kule ukumbini. Nililala nalo hilo neno usiku mwingi. Nilichoka, nikatafuta neno la kuwanyamazisha."

"Ulimwambia Dot. Mimi uliniambia mzio, jikoni kwangu, na sindano mkononi."

"Ndiyo."

"Basi usinigawie kosa lako. Nina langu linanitosha."

Akatikisa kichwa, nusu anataka kucheka, nusu hataki. Akafungua mlango wa nyuma akatoa mfuko mwekundu. Hakunipa. Aliushika kifuani.

"Nina zamu mpaka saa kumi," akasema. "Niambie ana nini."

"Mzio wa maziwa ya ng'ombe. Protini."

"Maziwa ya mbuzi?"

"Hapana. Protini zake zinafanana mno."

"Yaliyoandikwa hayana laktosi?"

"Hapana."

"Sindano lini?"

"Mara moja. Nisisubiri. Mlaze, choma, ndipo upige simu."

Akanikabidhi mfuko. Hattie akaachia mlango wa gari, akayumba, akaninyooshea mikono yote miwili, anapiga kelele zake za furaha kana kwamba mimi sikumfanya kitu. Nikapiga hatua mbili kumwendea. Halafu nikajiona: aproni imelowa, mikono mpaka viwikoni imekauka maziwa meupe, kucha zimejaa.

Nikaiweka mikono nyuma ya mgongo.

"Ngoja, mama," nikamwambia. "Bibi anakoga kwanza."

Alilia nilipomgeuzia mgongo. Nilimsikia mpaka ndani ya bafu, na nilijisugua kwa sabuni mara tatu kabla ya kutoka.